Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: onyesho la kuchangia skuli, pesa ngapi inabaki baada ya ukumbi, muziki, uchapishaji na tiketi

Haya ni maswali ambayo kamati za skuli huku Pemba na Unguja zinayarudia kila zikitaka kufanya onyesho la taarab au qasida kutafuta pesa za madawati, vyoo au bati. Hesabu zote hapa zinatumia mfano mmoja ili usichanganyikiwe: skuli ya Chake Chake, ukumbi wa viti 400, kikundi cha taarab kilichokubali kupiga bila ya malipo ila wapewe chakula na usafiri. Bei ni za mfano tu, wewe chukua njia ya kuhesabu kisha weka bei za kwenu.

## Hesabu yenyewe

1. Tumeuza tiketi za 1,616,000, si ndo pesa ya skuli hiyo?

Hapana, hayo ni mauzo. Pesa ya skuli ni ile inayobaki baada ya kila aliyefanya kazi usiku ule kulipwa chake, na hapa ndipo kamati nyingi zinapogombana na wazee maana mtu kasikia milioni na laki sita akabaki nayo kichwani, akija kuambiwa skuli imepata laki nne anaona kuna mtu kala.

Mfano wetu uko hivi. Viti vya mbele bei 10,000 vimeuzwa 31, sawa na 310,000. Tiketi za wakubwa 5,000 zimeuzwa 214, sawa na 1,070,000. Za wanafunzi 2,000 zimeuzwa 118, sawa na 236,000. Jumla watu 363 na shilingi 1,616,000.

Zilizotoka: ukumbi 300,000, muziki na fundi wake 450,000, kuchapa tiketi 100,000, mabango 60,000, mafuta ya jenereta 80,000, chakula na usafiri wa kikundi 150,000, na ile mitumizi midogo midogo (usafi, walinzi, kibali, makato ya simu) 60,000. Jumla 1,200,000. Toa kwenye mauzo, inabaki 416,000 na hiyo ndo faida.

Ukiitangaza kwenye mkutano wa wazee taja zote tatu kwa pamoja, mauzo, matumizi, kilichobaki. Usitaje mauzo peke yake hata kama watu wana hamu ya kusikia.

2. Tutajuaje tukiuza tiketi ngapi tumesharudisha gharama?

Gawa matumizi yote kwa bei ya wastani ya tiketi. Wastani si ile bei ya 5,000 iliyoandikwa kwenye bango, kwa sababu wanafunzi wanalipa 2,000 na wanaushusha. Kwenye mfano wetu 1,616,000 kwa watu 363 inakuja kama 4,450. Gharama 1,200,000 gawa kwa 4,450 unapata tiketi 270.

Yaani watu 270 wa mwanzo wote wamelipia ukumbi na spika, skuli bado haijapata hata senti, halafu wale 93 wa mwisho ndo waliochangia madawati. Kamati ikiielewa hii inaacha kulegea pale tiketi 250 zinapouzwa, maana wengi wakifika hapo wanaona shughuli imekwisha na kumbe faida ndo inataka kuanza.

Kabla ya onyesho huna mauzo ya kugawa, kwa hiyo kadiria mchanganyiko wa watu. Kadiria wanafunzi wengi kuliko unavyodhani, kwa sababu mzazi akija anakuja na watoto watatu, na wale wadogo wa kupakatwa hawalipi lakini onyesho likianza utawakuta wamekaa kwenye kiti.

3. Tukijaza ukumbi wote tutapata ngapi?

Ihesabu hii kabla hujalipa arubuni yoyote. Viti 40 vya mbele, 230 vya wakubwa na 130 vya wanafunzi, vyote vikiuzwa bila ya tiketi hata moja ya bure, ni 1,810,000. Toa 1,200,000 inabaki 610,000. Basi, hakuna bidii yoyote itakayopita hapo, ukumbi umekwisha.

Kwa hiyo kama kamati inataka 1,500,000 za kumaliza paa, usiku mmoja kwenye ukumbi huu hauzitoi, na ni bora mjue mwezi mmoja kabla kuliko asubuhi yake. Ama mtafute ukumbi mkubwa, ama mshushe gharama, ama mpate mfadhili (angalia swali la 15).

4. Tupandishe tiketi ya wakubwa iwe 6,000?

Jiulize ni watu wangapi mnaweza kuwapoteza mkabaki pale pale. Kwa 5,000 walinunua 214, ni 1,070,000. Kwa 6,000 mnahitaji watu 179 kupata kiasi hicho hicho. Ina maana wakiacha kuja watu hadi 35 hamjapoteza kitu, wakiacha 40 mmekula hasara na ukumbi unaonekana mtupu.

Mimi kwa onyesho la skuli napendelea kuiacha bei ya kawaida chini na kuongeza viti vya mbele. Mwenye uwezo hupenda kukaa mbele na anajua pesa inakwenda kwa watoto, lakini mama wa kawaida anayekuja na mashoga zake wanne, ikipanda elfu moja kundi zima linaweza kubaki nyumbani. Na tusisahau kwenye taarab akinamama ndo wanaojaza ukumbi.

## Ukumbi

5. Mwenye ukumbi anataka asilimia 20 ya mauzo badala ya 300,000, tukubali?

Inategemea mnaamini mtauza ngapi. Asilimia 20 inafika 300,000 mauzo yakiwa 1,500,000. Chini ya hapo asilimia inawapunguzia, juu ya hapo inawala. Kwenye mfano wetu mauzo yalikuwa 1,616,000, kwa asilimia wangelipa 323,200, yaani 23,200 zaidi.

Lakini angalia na upande wa pili. Kwa bei moja ya 300,000 lazima muuze 1,200,000 ndo mrudishe gharama. Kwa asilimia, matumizi mengine ni 900,000 na mnabakiwa na 80 katika kila 100, kwa hiyo mkiuza 1,125,000 mmesharudisha. Skuli inayofanya mara ya kwanza na haijui watu watakuja wangapi, asilimia ni kinga nzuri. Skuli ambayo kila mwaka inajaza ilipe bei moja.

Mkikubali asilimia, andikeni kabisa ni asilimia ya nini, mauzo ya tiketi tu au na mchango wa mfadhili na sambusa zilizouzwa mlangoni. Mwenye ukumbi akija kudai sehemu ya kila kitu na hamna karatasi, mtabishana saa 6 za usiku na watu wamechoka.

6. Amana tuliyoweka ukumbini ni gharama?

Si gharama, ni pesa yenu iko kwa mtu. Iandike peke yake, usiichanganye na ile 300,000. Inageuka gharama pale kiti kikivunjika au mkipitisha muda na mwenye ukumbi akakata. Kabla ya kuingia pitia viti na vioo pamoja naye, pigeni picha kwa simu, na baada ya onyesho mrudie pamoja usiku ule ule, msingoje kesho.

7. Skuli ina uwanja, kwa nini tusilifanye onyesho pale tukaokoa pesa ya ukumbi?

Wengi wanaanza hivyo na ikija kuhesabiwa hakijaokolewa kitu. Viti 400 vya kukodi kwa 500 kimoja ni 200,000, taa za uwanja, jukwaa, waya mrefu zaidi, turubai kama ni karibu na masika au vuli, tayari mmeipita 300,000.

Tatizo kubwa zaidi ni ukuta. Uwanja wa wazi sauti inatoka, mtu anatandika mkeka wake nyuma ya uzio anasikiliza taarab yote bure, na wala huwezi kumlaumu. Uwanja unafaa kwa mchana, watoto wenyewe wakiimba, kiingilio kidogo na mitambo midogo.

## Muziki na mitambo

8. Mmoja katutajia 300,000 mwengine 450,000, tofauti ni nini na tumchukue nani?

Muulize kila mmoja bei yake inabeba nini, mara nyingi ile ya 300,000 haijabeba kitu. Ya 450,000 kwenye mfano wetu ilikuwa na spika nne, miksa, maiki kumi na stendi zake, monita mbili za waimbaji, waya, fundi anayekaa hadi mwisho, na gari ya kuleta na kurudisha. Ya 300,000 unakuta ni spika na miksa tu, gari 60,000 juu yako, fundi 50,000, maiki za ziada kila moja na bei yake, ukimaliza umefika 450,000 na zaidi kidogo na kila kitu umekimbizana nacho mwenyewe.

Idadi ya maiki inategemea kinachopigwa. Qasida ya watoto kwa dufu, maiki nne zinatosha. Taarab yenye kanuni, udi, fidla mbili, akodiani, ngoma na waimbaji wanaopokezana, kila chombo kinataka maiki yake, kanuni hasa, ina sauti laini na bila ya maiki nzuri inamezwa na ngoma. Kaa na kiongozi wa kikundi mwandike orodha ya vyombo kabla hujaenda kwa mtu wa muziki. Ukienda bila orodha atakukodisha alichonacho.

Uliza pia muda. Bei ya usiku inaanzia saa ngapi hadi ngapi, na kufunga mitambo na kujaribu sauti jioni iko ndani au inahesabiwa peke yake?

9. Mitambo ya Unguja ni mizuri zaidi, tuilete Pemba?

Ukiwa Pemba anza na Pemba. Kuleta mitambo kwa meli ni gari ya kwenda bandarini, nauli ya mizigo, nauli ya mafundi, gari nyengine kutoka Mkoani au Wete hadi Chake, na mafundi wanalala na wanakula kwa sababu lazima wafike siku moja kabla. Bahari ikichafuka na meli isiondoke, una tiketi mia tatu mkononi na hakuna spika. Kwa ukumbi wa watu 400 sioni faida yake, labda kama kikundi chenyewe kinatoka Unguja na kinasafiri na vyombo vyake tayari.

10. Pesa za kutunza wanazopewa waimbaji ni za nani?

Hili lisemwe mapema na mdomo peke yake hautoshi. Kwenye taarab mtu akiguswa na wimbo anakwenda mbele anamtunza mwimbaji, noti moja moja, na usiku mzuri zinakusanyika za kutosha. Wengine ndani ya ukumbi wanadhani wanaitunza skuli, mwimbaji anajua katunzwa yeye kwa sauti yake.

Kikundi kinachopiga bure kama cha mfano wetu, ushauri wangu tunzo zote ni zao na skuli isizihesabu kabisa, hata kwenye ripoti zisitajwe kama mapato. Kikundi kinacholipwa mnaweza kukubaliana nusu kwa nusu, ila hapo lazima kuwe na sahani mbele na watu wawili wa kuhesabu, mmoja wa kila upande. Kisha mshereheshaji awaambie watu waziwazi tunzo inakwenda wapi, watu wana haki ya kujua.

## Uchapishaji na tiketi

11. Tuchapishe tiketi ngapi na za aina gani?

Chapa idadi ya viti, basi. Viti 400 tiketi 400. Ukichapa 500 "za akiba" utaziuza zote siku ukumbi ukichangamka na watu mia watasimama wamelipa.

Tiketi iwe na namba, na iwe na kishina chenye namba ile ile kinachobaki kwa muuzaji. Rangi tatu kwa bei tatu, ili wa mlangoni aone tu bila ya kusoma. Na muhuri wa skuli kwa wino, kwa sababu tiketi ya karatasi nyeupe nyeusi inatolewa fotokopi kwa shilingi mia. Kwenye mfano wetu tiketi moja ilitoka 250, kwa 400 ni 100,000. Ukichapa za kawaida bila namba unaokoa labda nusu yake, halafu hesabu ya swali la 12 haiwezekani tena.

Mabango 20 yanatosha mji kama Chake: skuli zenyewe, sokoni, madukani, stendi ya gari. Sehemu kubwa ya watu watapata habari kwa watsapu na kwa kuambizana.

12. Tunafungaje hesabu ya tiketi mpaka kila mtu aridhike?

Kila muuzaji anasaini vitabu alivyochukua, kutoka namba gani hadi gani. Akirudi analeta pesa na tiketi alizobaki nazo, vishina vinaonesha alizouza. Kisha kwa kila rangi mnafanya hesabu moja tu: zilizochapwa lazima ziwe sawa na zilizouzwa, za bure, zilizorudi na zilizopotea.

Mfano wetu: za mbele 40, zimeuzwa 31, za bure 8, imerudi 1. Za wakubwa 230, zimeuzwa 214, za bure 12, zimerudi 4. Za wanafunzi 130, zimeuzwa 118, za bure 5, zimerudi 5, jumla 128, kwa hiyo 2 hazionekani. Hizo 2 ni za 4,000. Ziandike hivyo hivyo, "tiketi 2 za wanafunzi hazikuonekana, 4,000", taja ziko kwenye kitabu cha namba zipi. Usijaze pesa kutoka mfukoni ili karatasi ipendeze, ripoti yenye pengo dogo lililosemwa inaaminika zaidi.

Mlangoni wawe watu wawili, mmoja anachana tiketi na kuweka kipande kwenye boksi, mwengine anauza kwa wanaokuja bila tiketi. Asiwe mtu mmoja kwa kazi mbili. Vipande vya kwenye boksi vikizidi tiketi zilizouzwa na za bure basi kuna tiketi za uongo zimeingia, vikipungua ni watu walionunua hawakuja, na hilo halina neno.

13. Tiketi za bure zinatupunguzia faida?

Ukumbi ukiwa na nafasi, hapana, kiti kingekaa kitupu. Ukumbi ukijaa, kila tiketi ya bure ni bei yake kamili imekwenda. Kwetu zilitoka 25 na zikabaki 10 mkononi, kwa hiyo hakuna aliyerudishwa mlangoni kwa sababu yake.

Mpe sheha, wazee wa kamati, walimu waliosimamia, hiyo ni haki yao. Lakini ziwekeeni kikomo kwenye kikao na ziwe na jina la mtu kwenye kishina, maana zisizo na jina hizo ndo huja kuuzwa nje ya mlango.

14. Wanaolipa kwa simu tunawawekaje?

Tumia namba moja ya kamati, sio ya mwalimu binafsi, na tenga kabisa tiketi za simu, kwa mfano namba 151 hadi 230 za wakubwa. Akishalipa mpe namba ya tiketi pale pale kwenye ujumbe na andika jina lake kwenye kishina. Bila ya hivyo mlangoni kila mtu anakuonesha meseji, na meseji moja inaweza kuoneshwa na watu watatu.

Kwenye hesabu andika aliyelipa 5,000 kama 5,000 kamili kwenye mauzo, na makato ya kutoa pesa andika kwenye matumizi. Ukiandika ile uliyoipokea mkononi baada ya makato, mauzo hayatalingana na vishina na utatafuta tofauti usiku kucha.

## Yanayotokea mara chache lakini yanaumiza

15. Mwenye duka katoa 200,000 na akinamama wameuza sambusa, zinaingia kwenye faida ya onyesho?

Ziingie skuli, lakini kwenye mistari yao wenyewe. Faida ya onyesho inabaki 416,000. Chini yake andika mchango wa duka 200,000. Chini yake tena sambusa na juisi, mauzo toa unga, mafuta, nyama na barafu. Ukizichanganya, mwakani kamati mpya itaona 616,000 na zaidi ikaamini onyesho peke yake linatoa hivyo, na huyo mwenye duka hayupo tena.

Akitaka jina lake liwe nyuma ya tiketi kwa kubadilishana na kulipia uchapaji, hilo ni zuri zaidi kwa sababu linashusha gharama. Matumizi yanakuwa 1,100,000 na tiketi za kurudisha gharama zinashuka kutoka 270 hadi 248.

16. Zimebaki siku mbili, tiketi zilizouzwa ni chache mno, tuvunje?

Usilinganishe na 1,200,000 yote, kwa sababu nyengine imeshatoka na hairudi hata mkivunja. Orodhesha iliyotoka: ukumbi 300,000 mwenyewe kasema harudishi, tiketi na mabango 160,000, arubuni ya muziki nusu 225,000. Jumla 685,000 imekwenda. Iliyobaki kulipwa ni 515,000: nusu ya muziki, mafuta, kikundi, na ile mitumizi midogo.

Sasa swali ni moja, mauzo yote pamoja na ya mlangoni yatapita 515,000? Mkitarajia 800,000, mkiendelea hasara ni 400,000, mkivunja ni 685,000 na juu yake mnarudisha pesa za tiketi kwa mtu mmoja mmoja. Endeleeni. Mkitarajia 350,000 tu, vunjeni leo leo, kabla fundi hajapakia gari. Na kwenye kukadiria kumbuka watu wetu wengi hununua mlangoni, kwa hiyo ulizeni walimu wa madarasa ni wazazi wangapi wamesema watakuja, msiangalie vishina peke yake.

Kuahirisha ni njia ya katikati kama mwenye ukumbi anakubali kuhamisha tarehe bila ya kulipa tena, ila pateni tarehe mpya kabla ya kutangaza, isiangukie Ramadhani wala wiki ya mitihani, na tiketi za zamani ziendelee kutumika kwa namba zile zile.